Barua ya kuomba siku ishirini na moja

Kazi nyingi za chuoni zikichelewa, hakuna kitu ndani yake kinachosema zilifanywa lini. Insha iliyoandikwa usiku wa mwisho inaweza kufanana na iliyoandikwa mwezi mmoja kabla. Mkusanyo wa wadudu hauko hivyo. Kila mdudu amechomwa pini, na chini yake, kwenye pini hiyohiyo, kuna lebo ndogo inayotaja mahali aliponaswa, tarehe, na jina la aliyemnasa. Mhadhiri akifungua boksi anazisoma siku za kazi yako moja baada ya nyingine. Kwa hiyo mwanafunzi anayeomba kukabidhi mkusanyo baada ya muda kupita anaandika barua ambayo lazima ipatane na lebo zake, na pia na mvua na mwezi wa angani.

Tumchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kilimo, Morogoro, mwezi wa Aprili 2024. Mwanafunzi huyu nimemtunga, lakini hali ya hewa na kalenda ya mwezi nitakazozitaja ni za kweli. Ameagizwa kuleta wadudu 50 kutoka oda zisizopungua 10, mwisho tarehe 29 Aprili. Mwezi wa Machi ametembea na wavu mchana, akifagia majani ya pembezoni mwa mashamba, na amepata panzi, vipepeo, kereng'ende, kunguni wa mimea, nyuki na nyigu, nzi, na mbawakawa. Hizo ni oda saba. Tatu zilizobaki alipanga kuzitafuta usiku kwa taa.

Kunasa kwa taa ni kazi nyepesi kuieleza na ngumu kuipata vizuri. Unatundika shuka jeupe, unawasha taa kali mbele yake, unasubiri. Nondo hufika, na pamoja nao vunjajungu, wadudu wa oda ya Nyuroptera wenye mabawa membamba yaliyosukwa kama wavu, na wale wa Trikoptera ambao utotoni huishi kwenye vijito. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, taa hupoteza nguvu yake na wanaofika hupungua sana. Wavuvi wa dagaa wanaovua kwa karabai wanalijua jambo hili vizuri, nao hupumzika mwezi ukiwa mpevu. Mvua kubwa nayo huwazuia wadudu wengi kuruka, na wachache wanaotua hulowa na kung'ang'ania shuka hadi magamba ya mabawa yanabanduka.

Aprili 2024 giza la mwezi liliangukia tarehe 8. Mwanafunzi wetu alipanga usiku wa tarehe 6 hadi 9. Msimu huo mvua za masika zilikuja na nguvu ya El Nino. Tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alilieleza Bunge kwamba mafuriko yalikuwa yameua watu 155 nchini. Hakuna mhadhiri aliyehitaji kuambiwa kwamba mvua imenyesha. Alichohitaji kujua ni mvua hiyo iliifanya nini kazi ya huyu mmoja, na kwa nini kukosa siku nne kunageuka kuwa ombi la majuma matatu. Barua iliyofaa ingekuwa hivi:

Mwanafunzi wa mwaka wa pili,
Shahada ya Kilimo,
22 Aprili 2024.

Mhadhiri wa somo la Entomolojia,
K.K. Mkuu wa Idara.

Ndugu Mhadhiri,

YAH: OMBI LA KUKABIDHI MKUSANYO WA WADUDU TAREHE 20 MEI BADALA YA 29 APRILI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Hadi leo nina wadudu 34 wa oda saba, waliokwisha kukauka na kuwekewa lebo. Vipepeo wengine sita waliota ukungu wakiwa kwenye ubao kati ya tarehe 10 na 17 Aprili. Hao sitawahesabu, ila nimewahifadhi ukihitaji kuwaona.

Oda tatu zilizobaki (Mantodea, Nyuroptera na Trikoptera) nilipanga kuzipata kwa taa Morningside, upande wa mashamba nje ya hifadhi, usiku wa tarehe 6 hadi 9 Aprili. Mara mbili tulipanda na mvua ikanyesha hadi alfajiri. Hatukupata mdudu wa kufaa. Mara mbili njia haikupitika. Sikurudi baada ya hapo kwa sababu mwezi unakua na utakuwa mpevu tarehe 24. Giza linalofuata ni tarehe 8 Mei.

Naomba ruhusa ya kunasa usiku wa tarehe 6 hadi 8 Mei, kuwachoma pini wote kabla ya tarehe 9 kwisha, kuwakausha kwa siku kumi kwenye kabati lenye balbu, na kukabidhi Jumatatu tarehe 20 Mei. Mvua ikizuia tena, nitakabidhi siku hiyohiyo nitakachokuwa nacho, wala sitaomba muda mwingine. Wadudu 34 walio tayari naweza kuwaleta tarehe 29 Aprili ukipenda kuwasahihisha kwanza. Nitakubali kukatwa alama kwa mujibu wa taratibu za Idara.

Nimeambatanisha nakala ya kurasa za daftari la fildi na picha ya boksi lilivyo leo.

Wako mtiifu.

Barua inaishia hapo, ukurasa mmoja. Jambo ambalo mhadhiri wa wadudu atalitazama kabla ya mengine ni zile siku kumi za kukausha. Wanafunzi wengi huomba siku tatu wakidhani wanaonyesha adabu kwa kuomba kidogo. Mwalimu akisoma siku tatu anajua kwamba mwombaji hajawahi kumkausha nondo wakati wa masika. Mdudu akishachomwa pini hutandazwa mabawa kwenye ubao wenye mfereji katikati, ukingo wa nyuma wa bawa la mbele ukikaa pembe mraba na mwili, na mabawa hushikwa kwa vipande vya karatasi. Kwenye hewa kavu, wiki moja inaweza kutosha. Kwenye hewa yenye unyevu ya Morogoro mwezi wa Aprili, nondo mwenye tumbo nene anataka zaidi, na bila joto kidogo la balbu huota ukungu mweupe kuanzia kwenye viungo vya miguu na tumbo. Ukimtoa ubaoni mapema, mabawa hulegea na kuinama baada ya siku chache, akiwa tayari ndani ya boksi.

Ndiyo sababu mkusanyo uliokimbizwa hujitangaza wenyewe. Mhadhiri huchukua sindano na kugusa mguu kwa upole: wa mdudu mkavu haupindi, wa mdudu wa jana unacheza. Huangalia kama mwili unazunguka kwenye pini. Hunusa boksi. Kumwomba mtu mwenye vidole vya namna hiyo siku zisizotosha ni kumwahidi kazi mbovu.

Lililo zito zaidi ni tarehe. Wadudu wa mwanafunzi huyu watanaswa tarehe 7 Mei, siku nane baada ya mwisho wa kukabidhi. Lebo ya kweli itasomeka hivi:

TANZANIA: Morogoro
Uluguru, Morningside, m 1300
7.v.2024, kwa taa
(jina la mnasaji)

Mwezi huandikwa kwa tarakimu za Kirumi ili mtu wa nchi nyingine asichanganye siku na mwezi, asome Julai mahali pa Mei. Bila barua, lebo hii ni ushahidi dhidi ya aliyeiandika. Hapo ndipo kishawishi huingia, cha kuandika 7.iv badala ya 7.v, herufi moja tu, au cha kuazima wadudu wa kaka au dada wa mwaka uliopita na kuwabandikia lebo mpya. Naliona hili kuwa kosa baya kuliko kuchelewa, na sisemi hivyo kwa sababu ya kanuni za mitihani tu. Mdudu asiye na tarehe na mahali pa kweli hana kazi katika sayansi, hata awe mzuri namna gani. Mwenye tarehe ya uongo ana madhara, maana boksi zuri la mwanafunzi mara nyingine huingizwa kwenye hifadhi ya idara, na baada ya miaka mtu atasoma kwamba mdudu fulani huruka Uluguru mwanzoni mwa Aprili, naye ataamini.

Udanganyifu huo pia hauwi mgumu kuugundua. Mdudu wa zamani huwa na vumbi kwenye nywele za kifua, na vipapasio vyake huvunjika kwa kuguswa. Akilainishwa upya kwenye chombo chenye mchanga mbichi ili achomwe tena, tundu la pini ya kwanza hubaki. Mbawakawa huchomwa kwenye bawa gumu la kulia. Ukikuta matundu mawili kwenye bawa hilo, kuna swali la kuuliza. Na daftari la fildi likisema usiku wa tarehe 7 Aprili mvua ilinyesha hadi alfajiri, nondo kumi safi wa tarehe hiyo hawana maelezo.

Kwa hiyo barua hii inafanya kazi ya kuziruhusu lebo ziseme kweli. Ili iifanye, sharti ifike kabla ya tarehe 29 Aprili. Ikifika tarehe 2 Mei inakuwa barua ya kuomba radhi, na mhadhiri wengi hawana mamlaka ya kuipokea peke yao, kwa kuwa alama za kozi huenda zimeshapelekwa mbele. Ndiyo sababu pia imepitia kwa Mkuu wa Idara.

Utaona kwamba haikutaja kuchelewa kwa bumu, simu iliyoharibika, wala mitihani ya masomo mengine. Yote hayo yanaweza kuwa kweli, na yote humgusa mwanafunzi. Lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini nondo hawakunaswa. Aliyeugua ana njia yake, ya cheti cha hospitali kupitia ofisi ya wanafunzi, na hapaswi kuuficha ugonjwa ndani ya sababu za mvua.

Na ile ahadi ya kukabidhi kilichopo hata mvua ikirudi si maneno ya heshima tu. Tarehe 4 Mei kimbunga Hidaya kilifika pwani ya Tanzania, siku mbili kabla ya usiku uliopangwa. Aliyeandika tarehe 22 Aprili hangeweza kukijua, lakini alijua kwamba masika hayajaisha. Mhadhiri aliyekubali ombi lenye sharti hilo hatasumbuliwa kwa barua ya pili, na mwanafunzi anajua kwamba oda nane zilizokauka vizuri zitapata alama za oda nane.

Jibu la mhadhiri, hata likiwa mistari miwili pembeni mwa barua ileile, litolewe nakala na kuwekwa pamoja na daftari la fildi. Mtahini wa nje akija mwishoni mwa mwaka na kuomba kuona maboksi, atasoma lebo za tarehe 7.v kwenye kazi iliyotakiwa 29.iv, na atauliza.