Upweke wa kufanyia kazi nyumbani

Dada mmoja wa kwaya yetu, anayeishi peke yake, alihamishia cherehani nyumbani ili asilipe tena kodi ya atelie. Baada ya miezi mitatu alikuja kanisani Jumamosi, akidhani ni Jumapili.

Kule atelie, safari ya asubuhi na kufunga mlango jioni vilitenganisha siku. Tena wenzake walimtazama uso na kumuuliza: «Dada, leo una nini?» Nyumbani hakuna wa kuuliza, na huzuni ilikua bila yeye mwenyewe kuitambua.

Tulipatana hivi: saa kumi na moja jioni anafunika cherehani na kutoka nje. Kila Jumatano anapeleka vifungo na pindo kwa mwenzake, washone pamoja. Asipofika, mwenzake anamfuata.