Msimbo wa Malipo Ndani ya Kipeperushi Kilichokwisha Kusanifiwa

Kipeperushi cha tamasha la kwaya kimekamilika. Ni karatasi ya A5, picha imekaa vizuri, tarehe inaonekana kwa mbali, na wanakamati wote wamekipitisha. Msanifu ametuma faili moja tu, la PDF, kisha kasafiri na kompyuta yenye faili la asili. Ndipo mweka hazina anapouliza: mtu akikisoma, tiketi ya shilingi 10,000 atailipaje papo hapo? Ukurasa wa malipo upo tayari, umefunguliwa kwa kampuni inayopokea pesa za simu na kadi za benki. Kinachokosekana ni msimbo wa QR wa kumfikisha msomaji hapo.

Wengi hukimbilia kutafuta mahali pa kubandika picha. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Swali linalostahili muda ni anwani gani iingie ndani ya msimbo, kwa sababu kipeperushi kikishachapwa na kugawiwa, hakuna wa kukirudisha.

Kwanza tutenganishe misimbo miwili inayofanana kwa macho. Ule unaouona kwenye kaunta ya duka, wenye namba ya kulipia ya mfanyabiashara, mara nyingi umetengenezwa kwa kiwango cha malipo: Tanzania kuna TANQR, na Benki Kuu ya Kenya ilizindua kiwango chake mwaka 2023. Ndani yake hamna anwani ya mtandao. Ukiusoma kwa kamera ya kawaida ya simu unaweza kukutana na mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi unaoanza na 000201, ambao ni programu ya malipo tu inayouelewa. Kwa kipeperushi cha kwaya tunataka ule wa pili, wenye anwani inayoanza na https, ambao kamera ya simu huusoma na kivinjari kikaufungua. Mtu wa Mwanza mwenye pesa kwenye simu na ndugu yake aliyeko Muscat mwenye kadi ya benki wote wataingia kwa mlango mmoja.

Sasa anwani yenyewe. Kampuni ya malipo huenda ikakupa kiungo kirefu, chenye herufi na namba zisizo na maana kwa msomaji, pengine herufi 150. Kila herufi inayoongezwa hudai nafasi, na msimbo hujaa vijisanduku vidogo zaidi. Anwani ya herufi 150, kwa kiwango cha kawaida cha ulinzi, hutoa msimbo wenye vijisanduku 49 kila upande. Kwaya yetu ina tovuti, basi inafungua humo anwani fupi ya kumpeleka mgeni kwenye ukurasa wa malipo. Tuseme ni https://kwaya.example/lipa, ambayo ni ya mfano tu. Ina herufi 26, na msimbo wake una vijisanduku 25 tu kila upande.

Faida ya pili ya anwani hiyo naiona kubwa kuliko ufupi. Kampuni ya malipo ikibadilisha kiungo, au kamati ikahamia kampuni nyingine, mwenye tovuti anabadilisha mahali anwani inapoelekeza, na vipeperushi vilivyoko mitaani vinaendelea kufanya kazi. Tovuti nyingi za kutengeneza msimbo bure huahidi jambo hilohilo, lakini hulifanya kwa kuweka ndani ya msimbo anwani yao badala ya yako. Muda wa majaribio ukiisha, msimbo unaweza kufa na kipeperushi kimebaki ukutani. Kulitambua hilo ni rahisi: soma msimbo kwa simu, na kabla ya kugusa kiungo tazama jina la tovuti linalojitokeza. Kama silo uliloandika, usiuchape. Kikundi kisicho na tovuti ni afadhali kiweke moja kwa moja kiungo cha kampuni ya malipo, hata kama ni kirefu, kuliko kumpa mtu wa tatu asiyejulikana funguo za mlango wake.

Msimbo usiomtegemea mtu unaweza kuutengeneza kwenye kompyuta yako. LibreOffice ina kitufe cha kazi hiyo, na Inkscape pia. Anayependa kuandika amri anaweza kutumia qrencode:

```
qrencode -t SVG -l M -m 4 -o msimbo.svg "https://kwaya.example/lipa"
```

Herufi M inataja kiwango cha ulinzi. Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari viwandani, mahali pa vumbi na grisi, kwa hiyo ulipewa uwezo wa kusomeka hata ukiwa umechafuka kidogo. Kiwango cha M hustahimili uharibifu wa takriban asilimia 15. Kipo cha H, cha takriban asilimia 30, lakini kinalipiwa kwa vijisanduku: anwani yetu ileile ingehitaji 33 kila upande badala ya 25. Anayeng'ang'ania kuweka nembo katikati ya msimbo inambidi achague H, maana nembo nayo ni uchafu mbele ya kamera. Kwa karatasi ndogo ya mkononi mimi ningeiacha nembo mahali pake, juu ya kipeperushi.

Namba 4 katika amri ile ni upana wa ukingo mweupe kuzunguka msimbo, kwa kipimo cha vijisanduku vyake. Ukingo huo ni sehemu ya msimbo, kwani ndio unaoiambia kamera picha inaanzia wapi. Hapa ndipo vipeperushi vingi huharibika. Msanifu anauona weupe ule kama nafasi iliyopotea, anaukata, na msimbo unagusana na picha ya pazia jekundu. Kipeperushi chenye rangi nzito kiwekewe mraba mweupe, na msimbo ukae juu yake mweusi. Kuugeuza uwe mweupe juu ya giza kunapendeza machoni, lakini si kila simu itausoma.

Hesabu ya ukubwa inafuata. Vijisanduku 25 pamoja na 4 vya ukingo kila upande ni 33. Tukiuchapa msimbo kwa milimita 33, kila kijisanduku kinakuwa milimita 1 kamili, na hata simu ya bei nafuu itakisoma kwa urahisi karatasi ikiwa mkononi. Tungetumia kile kiungo cha herufi 150 katika eneo hilohilo, kijisanduku kingebaki kama milimita 0.6, na wino ukisambaa kidogo kwenye karatasi hafifu vingeanza kushikana. Kwa bango la ukutani watu hukadiria upana wa msimbo uwe sehemu moja ya kumi ya umbali wa msomaji: anayesimama mita 2 anahitaji msimbo wa sentimita 20.

Tumefika kwenye PDF. Kishawishi cha kwanza ni kuifungua katika programu ya kuandikia ili kuichezea. LibreOffice Draw huifungua, ni kweli, lakini kama fonti alizotumia msanifu hazimo kwenye kompyuta yako, itaweka nyingine, mistari itahama, na jina la kwaya litakatika mahali pabaya. Pengine usilione hilo hadi mtu mwingine akuonyeshe. Njia salama ni kutokigusa kabisa kilichomo. Unatengeneza ukurasa mtupu wenye vipimo vilevile, unaweka msimbo mahali pake, kisha unaulaza ukurasa huo juu ya kipeperushi kama tabaka.

Vipimo usivikisie. Amri ya pdfinfo, au sehemu ya taarifa za faili katika programu ya kusomea PDF, itakwambia ukubwa wa ukurasa. A5 ni milimita 148 kwa 210. Faili ikionyesha 154 kwa 216, maana yake msanifu ameacha milimita 3 kila upande za kukatwa na mchapaji, nawe lazima uzihesabu. Fungua ukurasa wa ukubwa huohuo katika Inkscape, usiupake rangi ya nyuma, ingiza msimbo.svg, upe milimita 33, na uuache walau milimita 10 kutoka mahali karatasi itakapokatwa. Chini yake andika "Nunua tiketi hapa" na anwani kwa herufi zinazosomeka. Hifadhi kwa jina la tabaka.pdf, kisha unganisha:

```
qpdf kipeperushi.pdf --overlay tabaka.pdf -- kipya.pdf
```

Faili la asili linabaki kama lilivyokuwa, na kipya.pdf ndilo la kuchapwa. Vipimo vya kurasa mbili vikitofautiana, msimbo unaweza kusinyaa au kuhama; ukiuona umekaa sipo, rudi kwenye vipimo kabla ya kulaumu programu. Kwa sababu msimbo ni wa SVG, kingo zake hubaki kali kwa ukubwa wowote. Picha iliyopigwa kwenye skrini ya simu na kubandikwa haina sifa hiyo: vijisanduku vyake huingia ukungu, na ukiitanua ndiyo unazidi kuharibu.

Anwani iliyoandikwa chini ya msimbo ina kazi mbili. Kuna walaghai wanaobandika stika ya msimbo wao juu ya wa mwenyewe, na msomaji akiona kwenye simu jina tofauti na lililochapwa atashtuka kabla hajatoa pesa. Kazi ya pili inahusu vipeperushi visivyochapwa kabisa. Vingi leo huzunguka kwenye makundi ya WhatsApp, na anayekifungua kwenye simu yake hawezi kuielekezea skrini hiyo kamera ya simu ileile. Mtu huyo anahitaji kiungo cha kubonyeza. Kwa hiyo geuza maandishi ya anwani yawe kiungo ulipo bado kwenye tabaka, na baada ya kuunganisha kifungue kipya.pdf kwenye simu ujaribu kukibonyeza, maana baadhi ya programu hudondosha viungo wakati wa kuunganisha. Kitume kama faili. Kikitumwa kama picha, kiungo hakipo tena na msimbo hubanwa.

Kabla ya kuagiza nakala 500, chapa moja, na kwenye dirisha la printa chagua asilimia 100, sio kutoshea ukurasa. Pima msimbo kwa rula. Usipofika milimita 33, printa imepunguza. Usome kwa simu mbili tofauti, ya zamani ikiwemo, mchana na chini ya taa hafifu ya ukumbini. Kwa mchapaji wa mashine kubwa, mwombe msimbo utoke kwa wino mweusi peke yake, kwani rangi nne zikipishana kidogo kingo huwa na vivuli. Kisha nunua tiketi kweli. Mtu asiye mwanakamati, kwa simu ambayo haijawahi kufungua ukurasa ule na kwa bando lake, alipe shilingi 10,000, na mweka hazina athibitishe kwamba pesa imeingia kwenye akaunti ya kwaya, kwa kiasi sahihi, ikiwa na jina la mnunuzi. Hapo ndipo kipya.pdf linaweza kwenda kwa mchapaji.