Ukikataliwa kwa simu, omba uamuzi wa maandishi

Na Kitengo cha Mawasiliano Serikalini

Mwananchi anapoomba taarifa katika ofisi ya umma, jibu linaweza kuwa ndiyo au hapana. Yote mawili ni majibu halali, mradi yametolewa kwa utaratibu. Tatizo hutokea pale afisa anapompigia mwombaji simu, akamwambia kwamba ombi lake limekataliwa, kisha jambo likaishia hapo. Mwombaji hubaki na kumbukumbu ya mazungumzo tu. Hana karatasi inayoonyesha nani ameamua, ameamua lini na kwa sababu gani, na kwa hiyo hana pa kuanzia anapotaka uamuzi huo uangaliwe upya.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 imeweka utaratibu huo bayana. Ombi hufanywa kwa maandishi. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma na kuandika au kwa ulemavu, anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika. Baada ya ombi kupokelewa, ofisi hutakiwa kumjulisha mwombaji kwa maandishi, mapema iwezekanavyo na ndani ya siku 30, iwapo taarifa ipo na iwapo atapewa. Asiporidhika na uamuzi, ana siku 30 tangu alipoupokea kuomba mapitio kwa mkuu wa taasisi, ambaye katika Halmashauri ni Mkurugenzi Mtendaji. Mkuu huyo naye ana siku 30 za kuamua. Mwombaji asiporidhika bado, anaweza kukata rufaa kwa Waziri mwenye dhamana ndani ya siku nyingine 30.

Kila hatua katika mlolongo huo inahesabiwa kuanzia tarehe fulani. Simu haiachi tarehe ambayo pande zote mbili zinaweza kuionyesha. Mwombaji akisema alipigiwa tarehe 12 na afisa akasema ilikuwa tarehe 2, hakuna wa kuamua kati yao.

Tuchukue mfano wa mkazi wa kijiji cha Genkuru, mojawapo ya vijiji vinavyouzunguka mgodi wa dhahabu wa North Mara. Anataka kuona mchanganuo wa gharama na mkataba wa ujenzi wa madarasa yaliyojengwa kwa fedha ambazo mgodi hutoa kwa ajili ya jamii, ili swali lake katika Mkutano Mkuu wa Kijiji liwe na msingi. Barua yake inapokelewa masjala tarehe 2 Machi, na nakala yake inagongwa mhuri. Siku 30 za ofisi kujibu zinaishia tarehe 1 Aprili.

Tarehe 12 Machi anapigiwa simu: "Mzee, hiyo haiwezekani, ni mambo ya mkandarasi." Kauli hiyo inaweza kuwa na maana tatu tofauti. Huenda nyaraka zipo, lakini ofisi inaona kuwa kuzitoa kutaathiri maslahi ya kibiashara ya mkandarasi, jambo ambalo sheria inalitambua kama sababu ya kuzuia taarifa. Huenda nyaraka hazipo katika ofisi hiyo, bali ziko kwa taasisi nyingine. Au huenda faili halijatafutwa. Katika hali ya kwanza, mwombaji anaweza kueleza kwamba bei za jumla na idadi ya madarasa si siri ya biashara, na kuomba apewe angalau kurasa zisizoguswa na katazo. Katika hali ya pili anapaswa kuelekeza ombi lake kwingine. Katika hali ya tatu anachohitaji ni faili litafutwe. Bila sababu iliyoandikwa, hawezi kujua aandike hoja gani.

Kwa hiyo kesho yake, tarehe 13 Machi, anapeleka masjala barua fupi:

"Yah: Kuomba uamuzi wa maandishi. Rejea ombi langu lililopokelewa na ofisi yako tarehe 2 Machi. Tarehe 12 Machi, saa nne asubuhi, nilijulishwa kwa simu na afisa wa ofisi yako kwamba ombi limekataliwa kwa kuwa linahusu mambo ya mkandarasi. Naomba nipatiwe uamuzi huo kwa maandishi, pamoja na sababu na kifungu cha sheria kilichotumika, ili niweze kutumia haki yangu ya kuomba mapitio."

Barua hiyo haimlaumu mtu wala haibishani na uamuzi. Inaweka simu ile kwenye kumbukumbu, na inaeleza kwa nini karatasi inahitajika. Nakala yake igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kisha itunzwe.

Barua ya uamuzi inatoka ikiwa na tarehe 19 Machi, lakini inamfikia kupitia ofisi ya Mtendaji wa Kijiji tarehe 24 Machi. Hapa ndipo wengi hukosea hesabu. Muda wa kuomba mapitio huhesabiwa tangu uamuzi ulipopokelewa, si tangu ulipoandikwa. Anapaswa kusaini kitabu cha kukabidhi barua na kuandika tarehe ya siku hiyo, kisha aiandike pia kwenye barua yenyewe. Siku zake 30 zinaishia tarehe 23 Aprili.

Je, kama barua ya uamuzi haiji? Asikae akiisubiri bila kikomo. Kwa usalama, ahesabu siku 30 kuanzia tarehe ya simu, ambazo zinaishia tarehe 11 Aprili, na kabla ya hapo amwandikie Mkurugenzi Mtendaji. Aambatishe nakala mbili zenye mihuri, aeleze kwamba alikataliwa kwa simu na kwamba uamuzi wa maandishi haujatolewa, kisha aombe mambo mawili: uamuzi uandikwe, na ombi lenyewe liangaliwe upya. Akifanya hivyo, hata mtu akidai baadaye kwamba muda ulianza siku ya simu, atakuwa hajachelewa.

Kwa upande wa watumishi, simu haijapigwa marufuku. Ni njia nzuri ya kumwambia mwombaji kwamba barua yake iko tayari, au ya kumwomba afafanue anachotafuta. Lakini haichukui nafasi ya uamuzi. Barua ya kukataa iwe na kumbukumbu namba na tarehe, itaje taarifa iliyoombwa, ieleze sababu na kifungu kilichotumika, imjulishe mwombaji anaweza kuomba mapitio kwa nani na kwa muda gani, na isainiwe kwa jina na cheo. Barua ya namna hiyo humlinda pia mtumishi, kwa kuwa faili likifika mezani kwa Mkurugenzi litaonyesha alichokiamua na msingi wake, badala ya maneno ambayo kila upande unayakumbuka kwa namna yake.

Siku 30 zilizotajwa hapa ni za maombi ya taarifa. Maamuzi mengine, kama ya ardhi au leseni za biashara, yana sheria zake na muda wake wa kukata rufaa. Hivyo, unapoomba uamuzi wa maandishi katika jambo lolote, uliza pia katika barua hiyohiyo: rufaa inapelekwa wapi, na ndani ya siku ngapi?