Akaunti Inayojifunga Kila Jumatatu

Ofisi ndogo ya mawakili, watumishi 12, seva moja ya Windows chini ya meza ya mapokezi. Mwenye ofisi aliamuru mtu akikosea nenosiri mara 3, akaunti ijifunge mpaka fundi aje kuifungua. Fundi huja Alhamisi. Kwa miezi kadhaa hakukuwa na neno, kisha akaunti ya mhasibu ikaanza kujifunga kila Jumatatu, kama saa mbili na nusu asubuhi, naye anaapa kwamba hata kibodi hajaigusa.

Alikuwa akisema kweli. Akaunti inapofungwa, seva huandika tukio namba 4740 katika daftari lake la usalama, na ndani ya tukio hilo kuna mstari wa `Caller Computer Name`, yaani jina la kompyuta lilikotoka kosa. Jina lililoonekana lilikuwa la laptopu ya chumba cha mikutano, ambayo huwashwa Jumatatu tu kwa ajili ya projekta. Zamani mhasibu aliwahi kufungulia humo mafolda matatu ya seva, akakubali nenosiri lihifadhiwe. Tangu hapo kila laptopu ikiwaka hubisha hodi kwenye mafolda yote matatu kwa nenosiri la zamani. Makosa matatu hutimia kabla kikao hakijaanza.

Kwa nini tatizo lilichelewa? Kwa sababu seva inayotunza kumbukumbu ya manenosiri haihesabu kosa ikiwa lililoandikwa ni mojawapo ya manenosiri mawili yaliyotangulia la sasa. Mhasibu alipobadilisha mara ya tatu, lile la kwenye laptopu likatoka nje ya msamaha huo. Dawa ilikuwa kulifuta katika `Credential Manager` ya laptopu ile. Lakini ofisi yoyote ina vifaa vya namna hii, na kikomo cha mara 3 hakiachi nafasi hata kidogo.

Wengi hudhani kwamba 3 ni salama kuliko 10. Tupige hesabu. Tuseme kikomo ni 10 na kufuli ni la dakika 15. Mwizi anayebahatisha nenosiri la mtu mmoja, na kurudi kila kufuli linapofunguka, hupata majaribio yasiyozidi 960 kwa siku. Kikomo kikiwa 3 na kufuli dakika 30, hupata 144. Tofauti inaonekana kubwa, lakini nenosiri la maneno manne yasiyohusiana halipatikani kwa 960 wala kwa 960 mara elfu. Na nenosiri ambalo ni jina la mtu na mwaka huu huenda likapatikana katika majaribio matatu ya kwanza. Kwa hiyo 3 humwumiza zaidi mtumishi mwenye vidole vizito kuliko mwizi. Microsoft wenyewe, tangu toleo la 22H2 la Windows 11 mwaka 2022, huweka majaribio 10 na kufuli la dakika 10 kwenye kompyuta mpya.

Kwa ofisi hii tungeweka hivi, katika `Default Domain Policy` ya seva:

```
Account lockout threshold: 10
Account lockout duration: 15
Reset account lockout counter after: 15
```

Mstari wa tatu ndio unaoeleweka vibaya. Dakika zake huhesabiwa kuanzia kosa la mwisho, si la kwanza. Kifaa kinachokosea kila baada ya dakika 10 hakiipi hesabu nafasi ya kurudi sifuri, na kitaifunga akaunti kikomo kiwe 3 au 10. Kuongeza kikomo hakutibu kifaa cha namna hiyo. Lazima kisakwe kwa tukio 4740.

Mstari wa pili usiwekwe 0, kwa maana hiyo ndiyo amri ya kusubiri Alhamisi. Tena ikiwa seva inafikika moja kwa moja kutoka mtandaoni, mtu yeyote anayejua majina ya watumishi anaweza kuwafungia wote 12 kwa kukosea makusudi. Mlango huo ufungwe kwanza, watu wa nje wapitie VPN.

Ukitaka kujua kilichopo sasa, andika `net accounts /domain`. Ukiona `Never` kwenye mstari wa kikomo, hakuna kufuli kabisa.

Kuna shambulio moja ambalo kikomo chochote hakilioni. Mwizi huchukua nenosiri moja la kawaida, akalijaribu mara moja kwa kila mtumishi, akaenda zake, akarudi kesho na jingine. Hakuna akaunti inayofikisha hata makosa mawili. Dalili yake hutafutwa katika matukio 4625 na 4771: kosa mojamoja, majina mengi, yote yakitoka anwani ileile ndani ya dakika chache.