Kikomo cha ndani kinapodanganya

Mwanafunzi akiona f(g(x)), hutafuta kikomo cha g, akipate L, kisha aandike f(L). Mara nyingi jibu huwa sahihi, na hapo ndipo hatari ilipo.

Chukua fanksheni f inayotoa 2 kwa kila namba isipokuwa 0, ambapo hutoa 5. Namba u ikikaribia 0, kikomo cha f(u) ni 2, kwa sababu kikomo hakijali kinachotokea pale penyewe. Sasa weka ndani g(x) = x sin(1/x). x ikikaribia 0, g nayo hukaribia 0. Je, f(g(x)) hukaribia 2, au 5? Hakuna hata moja. Kila x inapokuwa 1/π, 1/(2π), 1/(3π) na kuendelea, g hugusa 0 kabisa na f hutoa 5; katikati ya namba hizo hutoa 2. Matokeo yanarukaruka bila kutulia, kwa hiyo kikomo hakipo.

Kosa ni la g kuigusa L mara kwa mara, mahali ambapo f imekatika. Kama f ina mwendelezo pale L, mguso huo haudhuru, na jibu ni f(L).

Mwendelezo ukikosekana, inatosha g isiiguse L karibu na mahali tunapopakaribia. Ndiyo maana sin(x²)/x² hukaribia 1: sin(u)/u haina thamani kwenye 0, lakini x² haiwi 0 mpaka x yenyewe iwe 0.