Miezi mitatu kazini, ushuru wa mwaka mzima

Tumwite Baraka. Ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kimoja Eldoret, na likizo iliyopita alipata kibarua cha miezi mitatu cha kuingiza data kwenye kampuni moja Nairobi. Mshahara ulikuwa kama shilingi 50,000 kwa mwezi. Baada ya NSSF, SHIF na ada ya nyumba kuondolewa, kiasi kilichobaki cha kutozwa ushuru kilikuwa 45,000. Kwenye hati yake ya mshahara, mstari wa PAYE ulisoma 5,883. Kila mwezi vivyo hivyo, hadi zikafika 17,650.

Alidhani karani wa mishahara amekosea. Hakukosea. Nchini Kenya mwajiri hukata PAYE mwezi kwa mwezi, kana kwamba utalipwa hivyo hadi Desemba. Shilingi 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, 8,333 zinazofuata asilimia 25, na za juu yake asilimia 30. Kisha huondolewa 2,400 za nafuu ya kibinafsi. Tarakimu za Baraka zilikuwa sahihi kabisa kwa mtu wa kazi ya kudumu.

Lakini sheria hupima mapato ya mwaka, Januari hadi Desemba. Kwa mwaka, asilimia 10 hutozwa hadi 288,000, na nafuu ni 28,800. Baraka alipata 135,000 pekee mwaka mzima. Asilimia 10 yake ni 13,500, ambayo nafuu inaimeza yote na kubakisha. Kwa hiyo hakudaiwa hata senti, na zile 17,650 ni zake.

Aliporudi ofisini kuzidai, karani alimwambia, "Kijana wangu, hizo pesa hazipo hapa. Tulishazipeleka KRA." Ni kweli. Kosa ambalo mwajiri anaweza kulirekebisha mwenyewe mwaka ukiwa bado unaendelea ni la aina nyingine: mathalani kukuandika kama mwenye kazi ya pili, hali hii ndiyo kazi yako pekee. Hapo unanyimwa zile 2,400 za nafuu, na karani anaweza kusahihisha kwenye mishahara ya mwezi unaofuata. Hili la Baraka linangoja mwaka uishe.

Kitu kimoja hata hivyo lazima kitoke kwa mwajiri, nacho ni fomu ya P9, inayoonyesha mwezi kwa mwezi ulicholipwa na ulichokatwa. Vibarua wengi huondoka kazini bila kuachana vizuri na ofisi ya mishahara, kisha Februari hakuna anayepokea simu yao. Omba P9 mapema, na uangalie kama nambari ya PIN iliyoandikwa ni yako kweli. Herufi moja ikikosewa, ushuru wako umeandikwa kwa jina la mwingine.

Januari ikifika, unaingia itax.kra.go.ke na kuwasilisha ritani ya mwaka uliopita, mwisho ukiwa tarehe 30 Juni. Hapa ndipo wanafunzi wengi hupoteza pesa zao. Unaenda saiba, unamwambia kijana wa pale wewe ni mwanafunzi, naye kwa dakika mbili anakuwekea ritani ya `NIL`, yaani huna mapato yoyote. Umeshatamka kwamba hukufanya kazi, sasa utadai ushuru upi? Ikishatokea, itabidi uwasilishe ritani ya marekebisho.

Ritani sahihi huandikwa mapato ya P9, nafuu ya 28,800 na PAYE iliyokatwa. Hesabu ikitoka na alama ya kutoa mbele yake, usiogope: hicho ndicho unachodai. Kama mfumo hauonyeshi PAYE yako, ama mwajiri hakuipeleka ama PIN ilikosewa, na hapo unarudi kwake arekebishe taarifa za miezi hiyo. Mambo yakikaa sawa, unaomba kurudishiwa kupitia menyu ya `Refund`, ukitoa akaunti ya benki iliyo kwa jina lako, si ya mama wala ya rafiki. Weka P9 na hati za mshahara karibu, kwa maana maofisa huziitisha. Usipodai mwaka huo, bado una nafasi, ila isizidi miaka mitano tangu ushuru ulipolipwa.

Baraka alifuata yote hayo, na bado hakupata 17,650. PIN yake aliichukua mwaka wa kwanza alipoomba mkopo wa HELB, na kuanzia hapo alipaswa kuwasilisha ritani kila mwaka, hata ile ya `NIL`. Miaka miwili hakuwasilisha. Faini ni 2,000 kwa kila ritani iliyochelewa, na KRA hujilipa deni lake kwanza kabla ya kurudisha chochote. Akaunti yake iliingia 13,650.