Tageti ya Newala si tageti ya Mtwara mjini

Katika kampuni nyingi za usambazaji mwezi huanza kwa kikao kifupi. Mkurugenzi ameshataja kiasi anachokitaka, tuseme milioni 100. Meneja mauzo ana maafisa wanne, kwa hiyo anagawanya: kila mmoja milioni 25, na swali halipokelewi. Hesabu hiyo inaonekana ya haki kwa sababu wote wamepewa sawa, lakini ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote, na nimewaona maafisa hodari wakiacha kazi kwa ajili yake.

Tuchukue kampuni ya mfano inayosambaza sabuni na mafuta ya kula mikoa ya Mtwara na Lindi. Afisa wa kwanza anafanya kazi Mtwara mjini, wa pili Lindi, wa tatu Masasi, na wa nne yuko Newala na Tandahimba, juu ya Uwanda wa Makonde. Yule wa Mtwara mjini anapita maduka yaliyokaribiana, asubuhi kwa wauzaji wa jumla, mchana mitaani. Yule wa Newala anatembelea vijiji vilivyo mbalimbali, na siku ya mvua pikipiki inaweza kumgomea kabla hajafika duka la tatu. Kuwapa watu hawa milioni 25 kila mmoja ni kumlipa wa kwanza kwa mahali alipopangiwa na kumwadhibu wa nne kwa sababu iyo hiyo.

Kabla ya kufika kwenye namba, tuelewane kuhusu KPI, maana herufi hizi tatu zimekuwa fimbo ofisini. KPI ni kipimo kikuu cha utendaji: jambo moja linaloweza kuhesabiwa, ambalo likienda vizuri linaonyesha kwamba kazi yenyewe inaenda vizuri. Idadi ya maduka yaliyonunua mwezi huu ni KPI. Kiasi cha fedha kilichokusanywa ni KPI. Tageti ni kitu kingine: ni kiwango unachotaka kipimo hicho kifikie, na kwa tarehe gani. Meneja anayesema “KPI yako ni milioni 25” amechanganya mambo mawili, na mchanganyiko huo una madhara. Afisa akikosa, hakuna anayeuliza kama kilichokosewa ni kazi yake, kipimo chenyewe, au kiwango kilichowekwa.

Kwa afisa mauzo wa rejareja vipimo vitatu vinatosha. Cha kwanza ni fedha zilizokusanywa kutokana na mauzo, wala si mauzo yaliyoandikwa tu, kwa sababu mzigo uliotolewa kwa mali kauli na haujalipwa bado ni deni. Cha pili ni idadi ya wateja hai, yaani maduka yaliyonunua angalau mara moja ndani ya miezi miwili. Cha tatu ni madeni yaliyopita siku 30. Mbele ya hivyo kuna shughuli za kila siku, hasa idadi ya maduka yaliyotembelewa, na hizi meneja azifuatilie kila wiki ili ajue wapi pa kusaidia. Asizifanye msingi wa malipo. Ukimlipa mtu kwa kutembelea, atatembelea: atapita mlangoni, ataandika jina la duka, ataondoka.

Sasa tageti. Meneja mwenye haki huanzia barabarani na kupanda juu, badala ya kuanzia kwa mkurugenzi na kushuka. Anachukua daftari la miezi iliyopita na kuuliza maswali matatu kwa kila ruti: afisa anaweza kufika maduka mangapi kwa siku, kati ya hayo mangapi hununua, na oda ya kawaida ni shilingi ngapi. Kwa mfano wetu siku za ruti ni 24 kwa mwezi. Mtwara mjini afisa anafika maduka 20 kwa siku, sawa na matembezi 480. Nusu yake hutoa oda, wastani wa shilingi 130,000, na jumla ni milioni 31.2. Newala anafika maduka 10 kwa siku, matembezi 240, oda 120 za shilingi 100,000: milioni 12. Kwa njia hiyo hiyo Lindi inatoa milioni 19.8 na Masasi milioni 18.

Tazama sasa ile tageti ya milioni 25 kwa kila mtu. Wa Mtwara mjini akifanya kazi kama alivyozoea, anafikia karibu asilimia 125 na anapigiwa makofi. Wa Newala akifanya vilevile, anafikia asilimia 48 na anaandikiwa barua. Hakuna kati yao aliyefanya jambo lolote la kustahili makofi au barua.

Meneja asiifanye hesabu hii peke yake ofisini. Akae siku mbili nyuma ya pikipiki ya afisa, kwenye ruti nyepesi na kwenye ruti ngumu, ahesabu maduka kwa macho yake. Namba ya maduka 10 kwa siku ikitoka kwa afisa peke yake, mkurugenzi ataiita kisingizio; ikitoka kwa meneja aliyekuwepo, ina uzito.

Hata hivyo milioni 12 ni wastani wa mwaka, na Newala haina mwezi wa wastani. Kuanzia Mei wakulima wa korosho wananunua salfa na dawa za kupulizia, na fedha mkononi zinakuwa chache. Minada inaanza kwa kawaida Oktoba, malipo yanapita vyama vya msingi, na ndipo mji unabadilika: mabati yanauzwa, pikipiki zinauzwa, na duka la kijijini lililokuwa likichukua katoni moja ya sabuni linaomba tano. Tageti isiyojua jambo hili inamwonea afisa mwezi wa saba na kumpa zawadi ya bure mwezi wa kumi na moja.

Dawa yake si ngumu. Chukua mauzo ya ruti hiyo kwa miaka mitatu, uone kila mwezi ulibeba asilimia ngapi ya mwaka mzima. Tuseme Julai hubeba asilimia 5 na Novemba asilimia 15. Newala ina milioni 144 kwa mwaka, kwa hiyo tageti ya Julai ni milioni 7.2 na ya Novemba ni milioni 21.6. Kisha rudi barabarani uhakikishe kwamba namba ya Novemba inawezekana: matembezi yanabaki 240, lakini theluthi mbili ya maduka yananunua badala ya nusu, na oda inapanda hadi shilingi 135,000. Oda 160 kwa bei hiyo zinatoa milioni 21.6 kamili. Isingefika, tageti ingepaswa kushuka au afisa aongezewe gari.

Tahadhari moja tu: mwaka usio wa kawaida uondolewe kwenye wastani. Novemba 2018 wanunuzi binafsi walikuwa wamegomewa kwa bei waliyotaka minadani, Serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo kwa wakulima wengi yakachelewa. Afisa mauzo aliyekuwa Newala msimu ule hakuwa na kitu cha kuuza kwa watu wasio na fedha. Ndiyo maana tageti inahitaji kanuni iliyoandikwa mapema, kabla ya tatizo, inayosema ni mambo gani yatairekebisha: malipo ya zao kusimama, bei ya bidhaa kupandishwa na kampuni, afisa kuwa likizo, na zaidi ya yote ghala kuishiwa. Oda iliyochukuliwa na afisa, kisha kampuni ikashindwa kuileta, iandikwe, na ihesabiwe upande wa afisa. Kumkata mtu bonasi kwa sabuni ambayo haikuwepo ghalani ni dhuluma.

Bonasi yenyewe ina mtego. Kampuni nyingi hulipa, tuseme, shilingi 300,000 kwa aliyefika asilimia 100, na aliyefika 99 hapati kitu. Afisa aliye kwenye asilimia 70 tarehe 25 anakata tamaa. Aliyekwisha kufika anaficha oda zake hadi tarehe mosi. Na aliyebakiza kidogo anakwenda kwa muuzaji wa jumla rafiki yake, anambebesha mzigo usiohitajika, na wiki ya kwanza ya mwezi unaofuata mzigo unarudi. Meneja anaweza kuyaona haya bila kupeleleza mtu: apange mauzo kwa tarehe. Ikiwa karibu nusu ya mauzo ya mwezi imeangukia siku tatu za mwisho, na bidhaa zinarudishwa wiki inayofuata, kinachosukuma mauzo ni bonasi, si wanunuzi. Njia nzuri ni kuanza kulipa nusu kwa asilimia 80, yaani 150,000, kisha 7,500 kwa kila asilimia inayoongezeka. Hapo kila oda ina thamani kwa afisa, iwe ya tarehe 3 au 29.

Kipimo kimoja kikishinikizwa bila kingine cha kukilinda, hata taasisi kubwa hupotea. Benki ya Marekani ya Wells Fargo iliwataka wafanyakazi wa matawi wahakikishe kila mteja ana bidhaa nane za benki. Wafanyakazi wakafungua akaunti ambazo wateja hawakuziomba. Septemba 2016 benki ilitozwa jumla ya dola milioni 185, na ikabainika kwamba ilikuwa imewafukuza wafanyakazi wapatao 5,300. Tageti yenyewe ilikuwa imetoka juu.

Kwa Tanzania jambo hili lina upande wa sheria ambao mameneja wengi hawaukumbuki. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotolewa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, zinataka kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utendaji duni itazamwe kama alikijua kiwango kilichotakiwa, kama kiwango hicho kilikuwa cha kuridhisha, kwa nini alishindwa, na kama alipewa nafasi ya kutosha kukifikia. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, meneja aliyegawanya milioni 100 kwa nne hatakuwa na karatasi ya kujibia swali la pili.

Linabaki jambo ambalo huwatisha mameneja. Hesabu ya barabarani kwa ruti zote nne imetoa milioni 81, na mkurugenzi anataka 100. Zile milioni 19 zinazopungua zisigawiwe maafisa kimyakimya. Ni kazi ya meneja kuzipeleka mezani kwa mkurugenzi, na karatasi ya ruti mkononi. Pale pana mambo ya kuamua: kuongeza afisa wa pili Newala na Tandahimba kuanzia Oktoba hadi Januari, kuweka ghala dogo Masasi ili gari lisirudi Mtwara kila siku, kuleta pakiti ndogo ya sabuni ambayo duka la kijijini linaweza kuinunua hata Julai, au kukubali kwamba mwaka huu ni wastani wa milioni 81 kwa mwezi na kupanga matumizi ya kampuni kwa kiasi hicho. Kila chaguo lina gharama yake, na gharama hiyo anapaswa kuibeba mwenye mamlaka ya kuiamua.